Kidonge kimoja kila usiku, mwilini zaidi ya vitatu

Tumchukue fundi cherehani wa Ngamiani hapa Tanga, barabara ya 12, mwenye umri wa miaka 48. Usingizi umemkimbia, na daktari amemwandikia dayazepamu ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku saa tatu usiku. Usiku wa kwanza analala, na asubuhi anaamka mwepesi, anapanda baiskeli kwenda kibandani kwake. Siku ya pili hali ni ileile. Siku ya nne kichwa kina uzito hadi saa nne asubuhi. Ikifika siku ya nane anashona mshono ukienda upande, ulimi umemlemea, na akipita karibu na soko la Mgandini baiskeli inamyumba. Nyumbani wanasema ni malaria inamnyemelea. Kidonge hakilaumiwi na yeyote, kwa sababu ni kilekile alichokimeza wiki nzima, kimoja, saa ileile, na siku za mwanzo hakikumfanya kitu.

Mfano huu ni wa kutunga, ila hesabu iliyo nyuma yake ni ya kweli, na ukishaielewa mara moja utaweza kuipiga kwa dawa yoyote ya namna hii. Fundi hajazidisha dozi hata siku moja. Dozi ya leo imemkuta mwilini na mabaki ya jana, na mabaki ya jana yalikuwa yamekuta ya juzi.

Kila dawa ina nusu-uhai wake, yaani muda ambao kiasi kilichomo mwilini hupungua kuwa nusu. Kwa watu wazima nusu-uhai wa dayazepamu huwa kati ya saa 20 na 50 hivi, na hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kwa fundi wetu tuchukue saa 48, siku mbili kamili, ili hesabu iwe nyepesi. Ikipita siku mbili inabaki nusu. Kwa siku moja, basi, haiondoki nusu wala robo: kinachobaki baada ya saa 24 ni asilimia 71 hivi, na kinachoondoka ni asilimia 29.

Sasa tuhesabu pamoja. Usiku wa kwanza anameza miligramu 5. Kesho yake saa tatu usiku, kabla ya kumeza tena, bado anazo miligramu 3.5. Anaongeza 5, zinakuwa 8.5. Usiku wa tatu asilimia 71 ya hizo ni 6, akiongeza 5 anafika 11. Usiku wa nne anafika 12.8, wa tano 14, wa sita karibu 15, wa nane 16, wa kumi 16.5. Angalia hatua zenyewe: mwanzo alipanda kwa miligramu tatu na nusu kwa siku, kisha mbili na nusu, kisha chini ya mbili, kisha moja, mwishoni robo tu. Ngazi inapungua kimo kila siku hadi inakuwa tambarare, na utambarare wake uko kwenye miligramu 17 hivi mara tu baada ya kumeza, na 12 hivi kabla ya kumeza kingine.

Kwa nini inatulia badala ya kupanda bila kikomo? Kwa sababu ini halitoi miligramu kadhaa maalumu kwa siku. Linatoa sehemu ya kile kilichopo. Siku ya kwanza kilichopo ni 5, kwa hiyo asilimia 29 yake ni miligramu moja na nusu tu inayoondoka, wakati inayoingia ni 5. Dawa inapanda. Kiasi kikifika 17, asilimia 29 ya 17 ni miligramu 5 kasoro kidogo sana. Kinachotoka kimelingana na kinachoingia, na hapo ndipo kiwango kinapotulia. Ni kama pipa lenye tundu chini, unalolimiminia ndoo moja kila jioni: maji yakiwa machache yanatiririka pole, yakipanda yanatoka kwa kasi, mpaka siku ambayo ndoo nzima inatoka kabla ya jioni nyingine.

Kutokana na hapo kuna jambo ambalo hata baadhi ya wauguzi na wauza dawa hulipindua. Muda wa kufika kwenye utulivu unategemea nusu-uhai peke yake. Hautegemei ukubwa wa dozi. Ukipita nusu-uhai mmoja umefika nusu ya kiwango cha mwisho. Ikipita miwili, robo tatu. Mitatu, asilimia 88. Minne, asilimia 94. Mitano, asilimia 97. Ndiyo maana husemwa kwa kukadiria kwamba dawa hutulia baada ya nusu-uhai nne hadi tano. Kwa fundi hiyo ni siku nane hadi kumi. Angemeza miligramu 10 badala ya 5, bado angetulia baada ya siku zilezile nane hadi kumi, ila angetulia juu, kwenye 34 badala ya 17. Kuongeza dozi hakumfikishi mapema anakokwenda. Kunambadilishia mahali pa kufikia.

Hapa ndipo kosa la siku ya tatu linapozaliwa. Mgonjwa, tuseme ni mama mmoja, anarudi dukani: "Mwanangu, dawa yenyewe hii hainishiki sawasawa, nipe ya juu yake." Siku ya tatu yuko kwenye asilimia 65 ya kiwango atakachofika. Bado theluthi nzima haijamfikia, nayo inakuja bila ya yeye kuongeza chochote. Akipewa vidonge viwili, atapata athari ya dozi mpya kwa ukamilifu baada ya siku nyingine nane, wakati yeye na aliyempa wameshaacha kuhesabu. Jibu la haki kwa mama huyo ni: "Mama, vuta subira mpaka wiki ipite, halafu tuangalie usingizi na asubuhi zako pamoja." Dozi ya dawa ya namna hii haipimwi kwa usiku wa pili wala wa tatu.

Lakini ukimsikiliza fundi vizuri, ana swali la maana kuliko hesabu zote: kama nusu-uhai ni siku mbili, mbona asubuhi ya kwanza niliamka mzima? Dawa si ilikuwa imo nusu na zaidi?

Ilikuwamo, lakini si yote iliyokuwa kwenye damu. Dayazepamu hupenda mafuta. Ukiimeza kwa mdomo hufika kilele chake kwenye damu ndani ya saa moja hadi moja na nusu, inaingia ubongoni upesi, na ndiyo maana usingizi huja haraka. Baada ya hapo inaanza kuhama kutoka kwenye damu na ubongo kwenda kwenye misuli na mafuta ya mwili. Ini halijaimaliza, imehamia sehemu nyingine. Kiwango cha damu kinashuka haraka katika saa za mwanzo kwa sababu ya kuhama huko, na mtu anaamka akiwa na akili timamu. Usiku wa pili kuna nafasi bado. Kadiri siku zinavyokwenda, mafuta na misuli vinakuwa na akiba yao, uhamaji unapungua, na kilichohifadhiwa kinarudi taratibu kwenye damu mchana kutwa. Kwa hiyo kwenye dozi ya kwanza kinachomwamsha mzima ni kuhama kwa dawa, na kwenye dozi ya kumi kinachotawala ni kasi ya ini. Asubuhi ya kwanza haitabiri asubuhi ya kumi. Mtu aliyejaribu kidonge usiku mmoja akaona "kinanifaa, siamki na kichwa kizito" amejaribu jambo tofauti kabisa na matumizi ya kila siku.

Kuna tabaka la pili. Ini likiivunja dayazepamu halitoi taka zisizo na nguvu. Zao lake kubwa linaitwa nordayazepamu, nalo pia ni dawa ya kutuliza na kulaza, na nusu-uhai wake ni mrefu zaidi, hadi kufikia saa 100. Lenyewe halitulii kwa siku kumi. Kwa saa 100, nusu-uhai tano ni saa 500, yaani wiki tatu. Hesabu yetu ya miligramu 17 ilikuwa ya dayazepamu tupu. Wakati hiyo imeshatulia, nordayazepamu bado inapanda chini kwa chini. Kwa hiyo mtu anayesema wiki ya kwanza alikuwa sawa na usumbufu umemjia wiki ya pili au ya tatu hajasingizia, na asikatishwe kwa kuambiwa kwamba "ingekuwa dawa ungeona mapema".

Twende kwa mama yake fundi, miaka 76, anayeishi naye. Naye halali, na mwanawe kwa mapenzi anamgawia kutoka kwenye pakiti yake. Kidonge kilekile, miligramu zilezile. Tafiti za miaka ya 1970 zilionyesha kwamba nusu-uhai wa dayazepamu hurefuka na umri, kutoka saa 20 hivi kwa kijana wa miaka 20 hadi saa 90 hivi kwa mtu wa miaka 80. Kwa kukadiria, saa za nusu-uhai hukaribia miaka ya mtu. Mpe mama saa 76. Kila siku kwake hubaki asilimia 80, na mwilini atatulia kwenye miligramu 25 hivi, sawa na vidonge vitano kwa mpigo. Na hatafika huko kwa wiki moja, bali kwa siku 13 hadi 16.

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana hesabu ikiachwa hivi inapotosha. Nusu-uhai unaweza kurefuka kwa sababu mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ini kusafisha pole. Hapo kiwango cha damu kinapanda kweli. Ya pili ni mwili kuwa na ghala kubwa zaidi la kuifichia dawa. Hapo jumla iliyomo mwilini ni kubwa na inachelewa kutulia na kuondoka, lakini wastani wa kwenye damu haupandi kwa kiasi hichohicho. Kwa wazee sehemu kubwa ya urefu huo inatokana na sababu ya pili, kwa kuwa umri ukienda misuli hupungua na sehemu ya mafuta huongezeka. Je, mama yuko salama basi? Hapana. Ubongo wa mzee huitikia zaidi kwa kiwango kilekile cha damu, miguu yake haina tena nguvu ya kujizuia akiteleza, na akiba iliyomo mwilini inamaanisha kwamba likiharibika jambo haliondoki upesi. Ndiyo sababu miongozo ya tiba ya wazee huwataka madaktari wazikwepe dawa za jamii hii kwa watu wa miaka 65 na kuendelea. Kuvunjika nyonga usiku wakati wa kwenda msalani ni jambo linalotokea, na mzee akishavunjika nyonga maisha ya nyumba nzima yanabadilika.

Sababu ya kwanza, ya ini kuchelewa, nayo ina milango yake. Ugonjwa wa ini wenyewe ni mmoja. Mwingine ni dawa nyingine zinazozuia vimeng'enya, yaani vichocheo ambavyo ini huvitumia kuvunja dawa: omeprazoli ya vidonda vya tumbo, simetidini, na flukonazoli ya fangasi zote hupunguza kasi ya kuivunja dayazepamu. Fundi ambaye ameshatulia kwenye 17 akianza omeprazoli wiki ya tatu, ni sawa na tundu la pipa kubanwa: kiwango kinaanza kupanda upya kuelekea utulivu mwingine wa juu zaidi, na kinachukua tena siku kadhaa. Hatari nyingine haimo kwenye ini hata kidogo, imo kwenye kukutana. Mnazi, bia, tramadoli, hata Piritoni ya mafua, vyote vinalaza, na kile kilichokuwa kikivumilika peke yake kinakuwa kizito vikikutana. Pombe na dawa za maumivu za jamii ya afyuni ndizo za kuogopwa kuliko zote, kwa kuwa pamoja na dayazepamu zinaweza kuzima pumzi.

Dalili za kulimbikizana hazifanani na sumu ya ghafla, kwa hiyo hupita bila kutambuliwa. Ni usingizi wa mchana, mwendo wa kulewa bila pombe, maneno kuburutwa, kusahau alichoambiwa asubuhi, kwa wazee kuchanganyikiwa kunakodhaniwa ni uzee. Swali la kuuliza ni moja: dawa ilianza lini, na hali hii ilianza lini? Zikiachana kwa siku tano hadi ishirini, kidonge kimo kwenye orodha ya watuhumiwa hata kama dozi haijabadilika. Pima malaria, ndiyo, lakini usiishie hapo ikitoka hasi. Mtu asiyeamshika, au anayepumua kwa shida au kwa kusuasua, huyo si wa kusubiri hesabu; apelekwe hospitali saa hiyohiyo, Bombo au iliyo karibu, pamoja na pakiti ya vidonge mkononi. Pakiti inamwambia daktari jina, nguvu, na vilivyobaki.

Vilevile usitegemee usiku mmoja wa kuruka urekebishe mambo. Fundi aliyetulia akisahau kidonge, kesho yake saa tatu usiku bado ana miligramu 8.5, karibu sawa na alizokuwa nazo usiku wa pili baada ya kumeza. Hilo lina pande mbili. Aliyesahau hana haja ya kumeza viwili kufidia, kwa kuwa hajaishiwa. Ameze kimoja chake wakati wake. Na aliyezidiwa hatasafika kwa kulala usiku mmoja bila dawa, kwa hiyo kesho yake asipande pikipiki wala asikae mbele ya mashine akisema jana sikumeza.

Mantiki hii inawagusa pia wanaotumia fenobabitoni kwa kifafa, ambao hapa kwetu ni wengi. Nusu-uhai wake kwa mtu mzima ni siku tatu hadi nne kwa kawaida, kwa hiyo hutulia baada ya wiki mbili hadi tatu. Damu ikichukuliwa siku ya nne kupima kiwango, jibu litakuwa la chini, na atakayelisoma kama la mwisho ataongeza dozi isiyohitajika. Usingizi mzito wa wiki za mwanzo na kifafa ambacho hakijatulia siku ya tano vyote viwili vina maelezo yao hapo.

Lililobaki ni kuacha. Dayazepamu kwa ajili ya usingizi hutakiwa itumike kwa muda mfupi, wiki mbili hadi nne kwa jumla, na aliyevuka hapo akiitumia kila siku hapaswi kuikata ghafla, kwa kuwa mwili umeshaizoea na kuikata kunaweza kuleta mitetemo, hofu, kukosa usingizi kabisa, na kwa wengine degedege. Tatizo ni kwamba mlimbikizo unamdanganya. Akiacha leo, kesho na keshokutwa ana dawa ya kutosha mwilini na anajiona ameshinda. Usumbufu unaweza kuja siku kadhaa baadaye, hata wiki, nordayazepamu inapopungua, na kwa kuwa umechelewa anaona ni ugonjwa wake wa zamani umerudi, anarudi dukani.

Kupunguza nako kunakwenda kwa saa ileile. Fundi akipangiwa na daktari kushuka kutoka 5 hadi 2 na nusu, kiwango hakishuki usiku huo. Kutoka 17 kinakuwa 12.8 baada ya siku mbili, 10.7 baada ya nne, 9 baada ya nane, kikielekea 8.5. Nordayazepamu inafuata nyuma yake kwa wiki nyingine. Kwa hiyo kila hatua ya kushuka inahitaji wiki mbili au zaidi kabla ya kuhukumu kama mwili umeikubali, na anayeshuka hatua tatu ndani ya wiki moja hajui ni hatua ipi inayomsumbua siku ya kumi. Kidonge cha miligramu 5 kikiwa na mstari katikati kinakatika vizuri kwa kisu kikavu. Kisipokuwa nao, mwombe mfamasia cha miligramu 2 na mpange upya hatua pamoja na daktari. Andika tarehe ya kila hatua juu ya pakiti yenyewe kwa kalamu, si kwenye simu, ili na wa nyumbani waione.